Misumari Imeisha na Slabu Bado: Kutafuta Kosa Kwenye Makadirio ya Misumari na Mafuta ya Boksi

Mafundi wengi wana kipimo kimoja kichwani: kilo moja ya misumari na lita moja ya mafuta kwa kila mita ya ujazo ya zege. Kipimo hiki hakikutungwa hewani. Kimetoka kwenye kazi fulani ya zamani, pengine ya slabu peke yake, na kwenye kazi ile kilikuwa sahihi. Tatizo huanza kinapohamishiwa kwenye kazi yenye nguzo nyingi, au boksi la mbao mbichi, au boksi linalotumika mara tatu. Hapo misumari inaisha katikati ya kazi, mwenye nyumba anamtazama fundi kwa jicho la mashaka, na fundi naye anaona aibu kuomba hela ya pili.

Nitazipitia dalili kama zinavyojitokeza saiti, nikirudi kila mara kwenye jengo moja la mfano ili hesabu zisielee. Ni nyumba ya ghorofa moja yenye slabu ya mita 10 kwa 8, unene milimita 150. Nguzo ni 12, kila moja milimita 230 kwa 230, urefu mita 3. Bimu zinazopita juu ya nguzo zina upana wa milimita 230 na zinashuka milimita 300 chini ya slabu; jumla ya urefu wake, ukitoa nguzo, ni kama mita 56. Zege la nguzo ni mita za ujazo 1.9, la bimu 3.9, la slabu 12.0. Jumla 17.8.

Dalili ya kwanza: misumari imeisha bimu zikimalizika, slabu haijaguswa

Mkadiriaji alichukua kilo moja kwa kila mita ya ujazo, akanunua kilo 18. Nguzo zimesimama na kumwagwa, boksi la bimu limefungwa, na mfuko umebaki mtupu. Wizi unaweza kuwepo, lakini kabla ya kumtuhumu mtu pima eneo la boksi.

Msumari haushiki zege, unashika mbao. Mafuta nayo hayapakwi kwenye zege, yanapakwa kwenye uso wa mbao. Kwa hiyo vyote viwili vinafuata mita za mraba za boksi linalogusana na zege, na kiwango kwa mita ya ujazo kinatakiwa kizaliwe kutoka hapo. Nguzo nyembamba ina uso mwingi kwa zege kidogo. Kwa nguzo ya mraba, gawa 4 kwa upande wake kwa mita: nguzo ya 0.23 inatoa mita za mraba 17.4 za boksi kwa kila mita ya ujazo, na nguzo ya 0.30 inatoa 13.3. Bimu yetu ina pande mbili za 0.30 na tumbo la 0.23, yaani 0.83 kwa kila mita ya urefu. Ukigawa kwa zege lake, unapata 12. Slabu ya milimita 150 ingetoa 6.7, lakini ukitoa sehemu zilizokaliwa na bimu na ukaongeza kingo za pembeni, kwenye nyumba hii inashuka hadi 6.

Hivyo kila mita ya ujazo ya nguzo inabeba boksi karibu mara tatu ya ile ya slabu. Na hapo bado hatujahesabu misumari yenyewe, ambayo kwenye nguzo ni mingi zaidi hata kwa mita moja ya mraba.

Chukua nguzo moja uihesabu. Ubao umesimama pande nne, na kuuzunguka kuna mikanda ya mbao za 2 kwa 2, mmoja kila sentimita 45, jumla mikanda saba. Kila kipande cha mkanda kinapigiliwa kwenye ubao kwa misumari miwili ya inchi mbili na nusu: hiyo ni 56. Kwenye kona, vipande vya mkanda vinashikana kwa misumari miwili ya inchi 3: nyingine 56. Kisha mihimili minne ya kuegemeza na fremu ya chini ya kushikilia mguu wa boksi vinakula kama 24 za inchi 4. Ukizipima kwa mzani unapata takriban gramu 920. Eneo la boksi la nguzo hiyo ni mita za mraba 2.76, kwa hiyo tuna gramu 330 kwa kila mita ya mraba.

Slabu ni mambo mengine. Mbao za inchi 8 zimelala juu ya mbao za 2 kwa 4 zilizopangwa kila sentimita 60, na kila makutano yanapata msumari mmoja wa inchi 3, kwa sababu uzito wa zege wenyewe utazikandamiza chini. Ongeza misumari ya inchi 4 ya kushikisha mbao hizo kwenye mabebaji, vichwa vya mirunda na mbao za kuizuia mirunda isiyumbe. Jumla ni kama gramu 140 kwa mita ya mraba. Bimu iko katikati: kwa mita moja ya urefu inachukua kama gramu 200, sawa na gramu 240 kwa mita ya mraba.

Zidisha sasa, ukichukulia kila nguzo imetengenezewa boksi lake jipya. Nguzo zinataka kilo 11.0, bimu 11.2, slabu 10.1. Jumla kilo 32.3, yaani kilo 1.8 kwa kila mita ya ujazo ya jengo zima. Lakini tazama ndani ya wastani huo: nguzo zinakula kilo 5.8 kwa mita ya ujazo, bimu 2.9, slabu 0.84. Yule aliyekuwa na kipimo cha kilo moja alikitoa kwenye slabu, na kwa slabu hakukosea.

Tiba ni kuandika viwango vitatu kwenye makadirio badala ya kimoja. Kama mwenye kazi anataka lazima namba moja kwa mita ya ujazo, mpe, lakini ipige upya kwa kila jengo. Jengo lenye nguzo ndefu nyembamba na slabu ndogo litavuka kilo 2 bila mtu kuiba hata msumari mmoja.

Dalili ya pili: umehesabu kwa eneo, bado zimepungua kwenye nguzo

Hapa kosa huwa limejificha kwenye matumizi ya kurudia. Hakuna anayetengeneza maboksi 12 ya nguzo. Anatengeneza manne, anamwaga nguzo nne, anayavua, anahamia nyingine. Mkadiriaji anajua mbao zinagawanywa kwa idadi ya mizunguko, basi anagawa na misumari vilevile: kilo 11 gawa kwa 3, sawa na 3.7. Kisha anashangaa misumari inapoisha kwenye mzunguko wa pili.

Misumari iko ya aina mbili kwenye boksi hilo. Ile ya inchi mbili na nusu inayoshika mikanda kwenye ubao haitoki. Inabaki na paneli mzunguko hadi mzunguko. Hiyo inagawanyika kweli. Kwa maboksi manne ni kilo moja tu, inanunuliwa mara moja. Lakini ya kona, ya mihimili na ya fremu ya chini inapigwa upya kila nguzo inaposimamishwa, gramu 670 kila mara, mara 12. Hizo ni kilo 8.

Katika kilo hizo 8, kiasi gani kinarudi? Inategemea ilivyopigwa. Fundi aliyezamisha vichwa hadi ndani ya mbao atavivua kwa mtaimbo, msumari utoke umepinda kama ndoana na mbao zipasuke juu yake. Fundi aliyeacha kichwa kimechomoza milimita 5 hadi 10 anaingiza makucha ya nyundo na kuutoa mzima. Ipo misumari ya vichwa viwili iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, kichwa cha kwanza kikikaza na cha pili kikibaki nje cha kuvutia, ila kwenye maduka mengi ya mtaani huipati. Kwa uvuaji wa uangalifu, theluthi moja kurudi kazini ni makisio ambayo mimi nayakubali. Nusu ni matumaini. Kwa theluthi, mizunguko miwili ya mwisho inaokoa kilo 1.8, na nguzo zinaishia kutaka kilo 7.2, karibu mara mbili ya ile 3.7 ya kugawa kijumla.

Ukirudisha namba hiyo kwenye jengo zima: 7.2 za nguzo, 11.2 za bimu, 10.1 za slabu, jumla 28.5, sawa na kilo 1.6 kwa mita ya ujazo. Na sasa yule aliyenunua 18 anaeleweka vizuri kabisa. Nguzo zilichukua 7.2, zikabaki 10.8, bimu zikazimaliza. Slabu ikakuta mfuko mtupu.

Kwa misumari inayopinda, inayoanguka kwenye mchanga na inayoondoka na viatu vya watu, ongeza asilimia 10. Kama mirunda ni ya mkaratusi mkavu, ongeza zaidi, maana msumari unapinda kabla haujaingia. Mbao za paini za kutoka Mafinga na Sao Hill hazina shida hiyo zikiwa mbichi. Msumari unaingia kwa nyundo mbili tatu. Shida yake huja baadaye: mbao ikikauka inasinyaa, msumari unalegea tundu lake, na boksi lililofungwa wiki mbili kabla ya kumwaga linataka kupigwa nyundo tena.

Dalili ya tatu: kilo zimetosha kwenye karatasi, misumari haijatosha kwenye mkono

Hii ni dalili ya dakika tano. Nenda kwenye mfuko utazame saizi. Kilo moja ya misumari ya inchi 4 ina misumari kama 77. Ya inchi 3 ina kama 150. Ya inchi mbili na nusu inakaribia 220. Kwenye nyumba yetu, katika kilo 28.5, moja ni ya inchi mbili na nusu, na zinazobaki zinagawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya inchi 3 na inchi 4. Aliyetumwa dukani akarudi na inchi 4 tupu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo, ameleta uzito uleule na kupunguza idadi ya misumari midogo kwa nusu. Fundi atatumia inchi 4 mahali pa inchi 3, ncha itatokea upande wa pili wa mkanda, mbao itapasuka, na mfuko utaisha.

Misumari ya viwanda mbalimbali haifanani unene, kwa hiyo kabla ya kununua mzigo mkubwa pima nusu kilo ya kila saizi na uihesabu. Ukikuta inchi 3 yako inatoa 180 kwa kilo, msumari ni mwembamba. Idadi imeongezeka, lakini na nguvu yake imepungua.

Dalili ya nne: nguzo imevimba tumbo, fundi anadai misumari zaidi

Hapa dalili inadanganya. Boksi limefunguka kona ya chini wakati wa kumwaga, zege limevuja, nguzo imetoka na kitambi, na hitimisho la haraka ni kwamba misumari ilikuwa michache. Mzunguko unaofuata fundi anapiga mitatu mahali pa miwili, matumizi yanapanda, na boksi linafunguka tena.

Angalia msukumo wenyewe. Zege bichi lina uzito wa karibu tani 2.4 kwa mita ya ujazo, na likimwagwa haraka linasukuma pembeni kama kimiminika. Ukijaza nguzo ya mita 3 kwa mkupuo mmoja, chini kabisa kuna msukumo wa takriban tani 7 kwa kila mita ya mraba. Mkanda wa chini, unaobeba upana wa sentimita 23 na kimo cha sentimita 45, unavutwa kwa nguvu ya kama kilo 750. Misumari miwili ya kona inayovutwa kutoka kwenye mbao kwa njia ya urefu wake haitashika hapo, wala mitatu.

Jinsi ya kutambua: tazama misumari kwenye kona iliyofunguka. Ikiwa imechomoka mizima, imenyooka, ujue ilikuwa inavutwa na si kukatwa. Mpangilio ndio mbaya. Ikiwa imepinda na mbao imepasuka kando yake, mbao ni dhaifu au msumari umekaribia sana ukingo.

Tiba haimo kwenye mfuko wa misumari. Punguza nafasi ya mikanda kwenye mita ya kwanza kutoka chini, iwe sentimita 30 au chini ya hapo. Nguvu kwa kila mkanda inashuka hadi kilo 500 hivi. Pitisha ncha za mbao za mkanda zivukane kwenye kona ili msumari ubanwe kwa ubavu, au zungusha waya nene wa kukaza na kipande cha nondo. Mwaga kwa vipande vya mita moja moja, ukiacha muda zege la chini lianze kutulia, na vibreta iingie kidogo tu kwenye kipande cha chini ili viungane, isishuke zaidi ya hapo. Mikanda iliyoongezwa itadai misumari yake: miwili zaidi kwa nguzo ni karibu gramu 180. Hiyo iingize kwenye makadirio. Ile ya kupiga mitatu pamoja usiiingize.

Dalili ya tano: mafuta yameisha mapema

Kwa mafuta tabia ya mbao ndiyo inayoamua. Ubao mkavu wa msumeno, wenye nyuzi zilizosimama, unakunywa. Lita moja ya mchanganyiko wa mafuta kwenye ubao wa namna hiyo hufika mita za mraba 8 tu mara ya kwanza. Mzunguko unaofuata, mishipa ya mbao ikiwa imeshiba, lita hiyohiyo inafika 12. Kwenye plaiwudi ya marini yenye uso laini inaweza kufika 25 na kuendelea, na dawa za viwandani za kuvulia boksi zinakwenda mbali zaidi. Soma kopo lake.

Usichukue namba zangu zikiwa amri. Chukua mbao zako zenye jumla ya mita za mraba 2, pima nusu lita, paka kwa rola au kitambaa mpaka uso ung'ae bila mafuta kutiririka, kisha pima kilichobaki. Jaribio hilo ni la robo saa na ndilo kiwango chako halisi.

Kwenye nyumba ya mfano, maboksi manne ya nguzo yana mita za mraba 11. Mzunguko wa kwanza unataka lita 1.4, miwili inayofuata lita 1.8 kwa pamoja. Kwa mafuta hakuna kugawa kwa mizunguko kabisa: kila boksi linaposimama linapakwa upya. Bimu zinataka lita 5.8 na slabu lita 9. Jumla lita 18 kwa mita za ujazo 17.8, yaani lita moja kwa mita ya ujazo, kama usemi wa mafundi. Usemi umepatia kwa jengo hili la mbao za msumeno. Weka plaiwudi kwenye slabu na lita 9 zinashuka hadi 3, ndipo utakapokuta dumu limebaki theluthi.

Kinachomaliza mafuta mapema, mbali na mbao kavu, ni mvua. Umepaka slabu jioni, usiku ikanyesha, asubuhi mbao hazitelezi kidoleni. Inabidi urudie, na ule upakaji wa pili haukuwemo kwenye hesabu. Wakati wa masika funika kwa turubali au paka siku ileile ya kutandika nondo.

Dalili ya sita: plasta haishiki kwenye dari

Hii huonekana miezi kadhaa baadaye, wakati mafundi wa plasta wanarusha udongo wa saruji na wote unarudi sakafuni. Nyunyizia maji dari. Maji yakitandaa na kunywewa, tatizo ni jingine. Yakikusanyika matone na kubingirika, kuna mafuta.

Sababu ya kawaida ni oili chafu, ile ya kumwagwa gereji. Ni ya bure au ya bei ya kutupa, ni nzito, na inaacha madoa meusi na utando usioondoka. Fundi akiona ubao unang'aa sana anadhani amefanya vizuri, kumbe filamu inayotakiwa ni nyembamba mno: lita moja kwenye mita za mraba 25 ni unene wa maikroni 40, usiofika nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Kilichozidi hakivui boksi vizuri zaidi, kinaingia kwenye ngozi ya zege na kuacha vishimo. Oili hiyo pia ina kemikali na masizi yanayodhuru ngozi ya mpakaji, na ikimwagika chini inabaki ardhini. Mimi siiweki kwenye makadirio hata ikiwa bure. Dizeli tupu ni ubaya wa upande mwingine: nyepesi, inatiririka na kukauka kabla zege halijafika.

Kwa dari iliyokwisha kuharibika, sugua kwa brashi ya waya na maji ya sabuni, suuza, jaribu tena matone. Yakiendelea kubingirika, gonga uso kwa patasi upate makovu ya karibu karibu, kisha rushia mchanganyiko mwepesi wa saruji na mchanga, moja kwa mbili, uuache ushike kabla ya plasta.

Ukitaka kulikamata kosa mapema, linganisha lita zilizotumika na eneo. Slabu yetu ya mita za mraba 72 ikiwa ya plaiwudi na imekula lita 9, mafuta ya ziada ya lita 6 yako mahali fulani, na mahali penyewe ni dari.

Hapohapo angalia nondo. Mafuta yakipakwa baada ya nondo kutandikwa, matone yanazishika, na zege haliungani na chuma kilichopakwa mafuta. Nguzo zipakwe paneli zikiwa bado zimelala chini, slabu ipakwe kabla ya nondo ya kwanza kupanda. Nondo iliyoguswa ifutwe kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, kisha kwa sabuni na maji, ikauke.

Dalili ya saba: zege linang'oka na mbao, au uso unatoka vumbi

Ukivua boksi, ukaona nyuzi za mbao zimeganda kwenye zege na ngozi ya zege imebaki kwenye ubao, mafuta yalikuwa haba au boksi limevuliwa mapema. Yanatofautishwa kwa kucha. Zege likikwaruzika kirahisi kila mahali, hata penye mafuta, limevuliwa mapema. Likiwa gumu na limeng'oka kwa mabaka tu, mabaka hayo ndiyo rola ilikoruka.

Kuna aina ya tatu inayochanganya wengi. Uso haukung'oka, ila ukiupangusa unatoa unga wa kahawia, na unga huo unafuata mipaka ya ubao mmoja mmoja: huu una unga, wa jirani hauna. Huo ni utomvu. Mbao mpya zina sukari na tindikali zinazochelewesha saruji kuganda pale zinapogusana nayo. Kuongeza mafuta husaidia kidogo tu. Kabla ya matumizi ya kwanza, paka mbao mpya uji mwepesi wa saruji, uache ukauke, uusugue, ndipo upake mafuta. Mfuko mmoja unatosha mbao za nyumba hii na ziada. Unga wenyewe ukiusugua kwa brashi ya waya hadi ugumu, kwa kawaida umekwisha. Hauingii ndani zaidi ya milimita moja au mbili.

Dalili ya nane: vidoti vya kutu chini ya slabu

Misumari hupotea sehemu mbili, mchangani na ndani ya boksi. Iliyoanguka juu ya mbao za slabu wakati wa kufunga inazama hadi chini, inagusa ubao, na boksi likivuliwa inabaki imelala kwenye ngozi ya dari. Mvua za kwanza au unyevu wa plasta, kutu inatokeza. Kwenye majengo ya pwani inatokeza haraka.

Kabla ya kumwaga, piga maji kwenye slabu kutoka juu kwenda kwenye tundu lililoachwa makusudi chini ya bimu, na pitisha sumaku iliyofungwa kwenye kijiti katikati ya nondo. Takataka na misumari vinatoka pamoja. Iliyokwisha kuganda, chimbua kuizunguka kwa patasi hadi itoke yote, kina cha milimita 15 au 20, lowesha shimo, jaza mchanganyiko mkavu wa saruji na mchanga na uugandamize. Kuikata juu na kupaka rangi hakusaidii, kutu itapitia kwenye rangi msimu unaofuata.